Daraja la vijiti lipi lina nguvu: lililobeba kilo 43 au lenye gramu 29?

*"Nafundisha fizikia, kidato cha tatu. Wanafunzi wamejenga madaraja ya vijiti vya aiskrimu kwa pembetatu zinazolingana, kama kenchi za paa. Kundi A: pengo la sentimeta 40, daraja gramu 60, lilibeba kilo 12.4. Kundi B: mchoro uleule, ila kila kijiti wamekifanya viwili, gramu 118, kilo 43. Kundi C: sawasawa na A, gramu 61, likavunjika kwa kilo 8. Kundi D: pengo la sentimeta 20, gramu 29, kilo 24. Tukigawanya mzigo kwa uzito, D wanapata 828 na B 364 tu. B wanasema wameonewa. Nani mshindi? Kwa nini A na C wametofautiana hivyo? Na kamati ya shule sasa inataka tujenge kivuko cha mbao juu ya mfereji ulio nyuma ya madarasa kwa mchoro wa D, maana 'linabeba mara mia nane ya uzito wake'. Ni sawa?"*

Mwalimu, B wana haki ya kulalamika. Kugawanya mlikogawanya ni sahihi, lakini D hawakupaswa kuingia kwenye jedwali moja na wenzao. Uwiano wa mzigo kwa uzito unalinganishwa kwa madaraja yaliyovuka pengo lenye upana mmoja tu. Kwa pengo la sentimeta 40, B wana 364, A wana 207 na C wana 131, kwa hiyo B ndio washindi. D wamejenga kitu kingine, na nitakuonyesha kwamba kwa kipimo cha haki wao na A wamelingana kabisa.

Aliyewahi kuvunja kuni kwa goti anajua kwamba kuni ndefu inakatika kirahisi, na kipande kifupi cha unene uleule kinakataa. Daraja nalo ni hivyo hivyo. Mzigo unaning'inia katikati, meza mbili zinasukuma juu kwenye ncha, na daraja linataka kukunjika. Likitaka kukunjika, fito za juu zinabanwa na fito za chini zinavutwa. Nguvu inayozibana fito za juu inategemea umbali kutoka ukingo wa meza hadi katikati: umbali ukiwa mara mbili, kwa mzigo uleule fito zinabanwa mara mbili.

Sasa chukua daraja la D ulirefushe livuke sentimeta 40 kwa vijiti vilevile na kimo kilekile. Fito za juu zitachoka kwa nusu ya mzigo wa mwanzo. Uzito wa daraja nao utakuwa karibu mara mbili, maana vijiti vimekuwa maradufu. Nusu ya mzigo, ukiigawa kwa uzito mara mbili, inakupa robo ya uwiano. Robo ya 828 ni 207, na A wana 207. Makundi haya mawili yamejenga daraja lilelile, moja fupi na moja refu. Mkitaka kulinganisha mapengo tofauti kwa makadirio, zidisheni uwiano kwa mraba wa pengo. Kwenye mashindano, hata hivyo, ni afadhali pengo liwe moja kwa wote, kwa sababu makadirio haya yanashika pale tu kimo na aina ya vijiti vimebaki vilevile.

Hilo ndilo jibu la mshindi. Lakini ndani ya takwimu zako kuna jambo ambalo naona lina faida zaidi kwa wanafunzi: kwa nini B walipoongeza uzito karibu mara mbili walipata mzigo zaidi ya mara tatu, na kwa nini hata hivyo wametupa gramu nyingi bure.

Nimechukulia kwamba vijiti ni vile vya kawaida vinavyouzwa kwa paketi, urefu wa milimeta 114, upana 10, unene 2, kila kimoja gramu 1.3 hivi. Kutoka kiungo hadi kiungo inabaki kama sentimeta 10. Pembetatu zenye pande za sentimeta 10 zina kimo cha sentimeta 8.7. Daraja la A lina kenchi mbili, moja kila upande, na kila kenchi ina vijiti 4 chini, 3 juu na 8 vya mshazari. Ukiongeza vijiti 9 vya kukingama vinavyounganisha kenchi mbili, na 3 vya kukaza juu, unapata 42. Hivyo ni gramu 55, na gundi inafikisha 60. Hesabu inalingana na mizani yako, kwa hiyo nadhani sijakosea sana mchoro wenyewe.

Fuata mzigo wa kilo 12.4. Nusu inakwenda kila kenchi, na ya kila kenchi inagawanyika tena kwa meza mbili, kwa hiyo kila mguu wa kenchi unasukumwa juu kwa kilo 3.1. Zidisha kwa sentimeta 20, umbali wa kufika katikati, unapata 62. Gawa kwa kimo cha sentimeta 8.7, unapata kilo 7 na kidogo. Hiyo ndiyo nguvu iliyokuwa inakibana kijiti cha juu cha katikati sekunde ile daraja lilipoachia.

Je, kijiti kimoja kinaweza kubanwa kwa kilo 7? Hapa watu wengi hukosea. Hudhani kijiti huvunjika mbao inapopondeka. Kijiti chembamba hakifiki huko. Kinapinda ubavuni kama upinde, na kikishaanza kupinda hakibebi zaidi. Leonhard Euler alitoa kanuni ya jambo hili mwaka 1744: nguvu inayopindisha kijiti inapungua kwa mraba wa urefu wake na inaongezeka kwa mchemraba wa unene wake. Kwa kijiti cha milimeta 2 kwenye sentimeta 10, kanuni hiyo inanipa kati ya kilo 6 na 7. Daraja la A limevunjika pale pale hesabu inaposema livunjike. Wapongeze, maana hiyo inaonyesha walijenga kwa unadhifu.

Wanafunzi wanaweza kuliona hili kwa macho kabla ya kupaka tone la gundi. Simamisha kijiti kimoja wima juu ya mizani ya jikoni, ile ya kilo 10. Weka kipande kidogo cha ubao juu ya ncha yake ili kidole kisiumie, kisha kandamiza taratibu ukisoma mizani. Namba itapanda, itapanda, halafu karibu na kilo 5 kijiti kitajikunja na namba itakataa kupanda tena hata ukikandamiza zaidi. (Ni 5 na si 7 kwa sababu hapa umesimamisha urefu wote wa milimeta 114, na kwa sababu ncha hazijashikwa na gundi.) Achia, nacho kitanyooka kama hakijaguswa. Mbao haijaharibika hata kidogo, ila umbo lake ndilo limeshindwa. Kisha chukua kijiti kingine ukivute kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Hutakikata. Kwa kuvutwa, kijiti hichohicho kinastahimili kilo zaidi ya 100.

Tofauti hiyo ndiyo siri yote ya daraja la vijiti. Kijiti kinachovutwa kina nguvu ya ziada ambayo hutaitumia kamwe. Kijiti kinachobanwa ndicho kinachoamua. Na kwa kuwa unene unaingia kwa mchemraba, vijiti viwili vilivyogandishwa ubapa kwa ubapa havibebi mara mbili, vinabeba mara nane, yaani kilo 50 na zaidi. Lazima vigandishwe urefu wote, si kwenye ncha tu. Vikiachana katikati kila kimoja kitapinda peke yake, na utarudi kwenye mara mbili.

Sasa waangalie B. Walifanya kila kijiti kuwa viwili, vya juu na vya chini, vinavyobanwa na vinavyovutwa. Kwa kilo 43, fito zao za juu za katikati zilibanwa kwa kilo 25 wakati zina uwezo wa 50. Mishazari ilichukua kilo 12 tu. Hakuna kijiti hata kimoja katika daraja la B kilichokuwa karibu na kikomo chake. Kwa hiyo, bila kuliona, nasema lile daraja halikuvunjika kwenye kijiti. Liliachia kwenye kiungo, gundi ikabanduka. Naomba uwaulize, na kama vipande bado vipo mtavikuta vijiti vizima na ncha zilizobanduka.

Ikiwa ni hivyo, basi gramu nyingi za B zilikuwa abiria. Hebu tulijenge daraja la A upya tukiongeza kijiti pale tu kinapohitajika. Kwanza fito za juu, 3 kila kenchi, jumla 6. Daraja linafika kama gramu 69, na fito za juu hazisumbui tena. Nani anafuata kwa udhaifu? Mishazari inayobanwa. Mzigo ukiwa katikati, mishazari inayopanda kuelekea katikati inabanwa, na inayoshuka kuelekea katikati inavutwa. Ile inayobanwa, ikiwa ya kijiti kimoja, itapinda mzigo ukifika kilo 23 au 24. Uwiano hapo ni kama 340, karibu na wa B tayari, kwa gramu 69 tu.

Ongeza basi kijiti cha pili kwenye mishazari inayobanwa peke yake: 4 kila kenchi, jumla 8. Sasa daraja lina gramu 81 hivi, na kikomo kimehamia kwenye gundi, sawa na B. Likifika kilo 43 kama B, uwiano ni 530. Hata viungo vikiachia mapema kidogo, kwa kilo 36, uwiano ni 444 na B ameachwa mbali. Hakuna kijiti cha chini kilichoongezwa, kwa sababu fito za chini zinavutwa. Ukiniuliza zoezi la wiki ijayo ni lipi, ni hili: mpe kila kundi vijiti 14 vya ziada juu ya 42, pengo la sentimeta 40, waamue wenyewe pa kuviweka.

Na wasisahau vile vya kukaza juu, vinavyoshika fito za juu zisiyumbe ubavuni. Watoto huviona kama mapambo na kuvipunguza ili kuokoa gramu. Fito ya juu ikishikwa kila sentimeta 10 inapinda kwa kilo 6 au 7. Ikiachwa huru kwa sentimeta 20, urefu mara mbili, inapinda kwa robo ya hapo, chini ya kilo 2. Gramu 2 zilizookolewa zimeondoa robo tatu ya nguvu.

Hapa tunafika kwa C. Kilo 8 dhidi ya 12.4 kwa mchoro mmoja si jambo la ajabu, kwa kuwa mbao ni mbao na mikono ni mikono. Lakini sababu ipo, na vipande vinaisema. Msivitupe. Angalieni kwanza viungo. Kila kiungo kilichobanduka kina nyuso mbili. Kishikeni kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona nyuzi za mbao zimechanika na kubaki upande wa pili, gundi ilishika na mbao ndiyo iliyoshindwa, kiungo hicho hakina kosa. Ukiona uso laini unaong'aa, kama ukucha uliopakwa rangi, gundi haikuingia kwenye mbao. Mara nyingi ni kwamba kijiti kilisogezwa gundi ikiwa imeanza kukauka, au walipaka bonge nene wakaacha bila kukibana. Gundi nyeupe ya mbao inataka utando mwembamba, ubanwe kwa vibanio vya nguo kwa saa moja au zaidi, na daraja lisipimwe kabla ya siku nzima kupita. Kwa hali ya hewa ya pwani mimi ningesubiri siku mbili, maana unyevu unachelewesha kukauka, na maji yaliyobaki ndani ya gundi yanaongeza gramu kwenye mizani.

Kama viungo vya C ni vizima, tafuteni kijiti cha juu kilichovunjika. Kikiwa kimevunjika katikati yake, kwa kupasuka upande mmoja na kukunjika upande wa pili, kilipinda. Swali linakuwa: kwa nini mapema? Huenda kilikuwa kimejipinda tangu kwenye paketi. Kijiti chenye tumbo, hata la milimeta 1 au 2, kimekwisha kuanza safari ambayo kijiti kilichonyooka kinaanza kwa kilo 6. Ndiyo maana vijiti huchaguliwa. Kiweke kila kimoja juu ya kioo au sakafu ya vigae, kibonyeze ncha. Kikicheza, kipeleke kwenye fungu la fito za chini, ambako kuvutwa kutakinyoosha chenyewe. Vilivyolala tuli ndivyo vya juu na vya mishazari inayobanwa. Angalieni pia nyuzi: zikikata kijiti mshazari badala ya kwenda na urefu, hicho ni cha kukingamisha tu.

Au kosa halikuwa la daraja, lilikuwa la kipimo. Hili natilia mkazo, kwa sababu nimewahi kuwa msimamizi wa mashindano ambapo daraja zuri lilivunjika kwa nusu ya mzigo wake kwa kuwa mimi mwenyewe niliruhusu kamba ifungwe katikati ya kijiti cha chini, baina ya viungo viwili. Kenchi inafanya kazi kwa sharti moja: mzigo uingie kwenye kiungo. Ukiingia kwenye kiungo, vijiti vinabanwa au vinavutwa kwa urefu wao. Ukiingia katikati ya kijiti, kile kijiti kinageuka kuwa rafu iliyowekewa kitu kizito. Kinapinda, kinajinyonga, na kinaibandua gundi ya viungo vyake viwili. Mwanafunzi yule alilia, na hakukuwa na daraja la pili la kurudia.

Kwa hiyo pimeni hivi. Meza mbili za kimo kimoja, nzito au zilizokaliwa na mtu, zisisogee. Pimeni pengo ukingo hadi ukingo kwa rula kabla ya kila daraja, kwa sababu meza hutambaa mzigo ukiongezeka. Daraja lilale juu ya meza kidogo kila upande, na kiungo cha mwisho cha kila kenchi kiwe juu ya ukingo wenyewe. Katikati, laza kipande cha mti kigumu, unene wa kidole gumba, kikingame juu ya viungo viwili vya chini vya katikati, kimoja cha kila kenchi. Kwenye mti huo ndipo ifungwe kamba ya katani inayobeba ndoo. Ndoo isining'inie juu. Iwe vidole vinne tu kutoka sakafuni, na chini yake pawe na gunia au godoro kuukuu, ili daraja likiachia ndoo ishuke kidogo na vipande visipondwe. Vipande ndivyo ushahidi wenu.

Jazeni ndoo kwa mchanga mkavu, nusu kilo kwa nusu kilo, na baada ya kila kopo subirini sekunde 10. Mbao na gundi hustahimili zaidi mzigo wa muda mfupi kuliko ule unaokaa, kwa hiyo kundi linalomimina haraka litapata namba kubwa isiyo yao. Mzigo unaoandikwa ni ule wa mwisho uliosimama sekunde 10 kamili, si ule uliovunja daraja. Mwisho pimeni kila kilichoning'inia: mchanga, ndoo, kamba na ule mti wa kukingama. Ndoo yenye mpini wa chuma inafika karibu kilo moja. Kwa daraja la kilo 8 hilo si jambo dogo. Nakushauri uhakikishe kama makundi yote manne yalihesabu ndoo, au hakuna lililohesabu.

Mtu mmoja asimame kwenye ncha ya daraja akiangalia kwa ndani, kama mtu anayechungulia mwisho wa korido, huku simu ikirekodi. Kutoka ubavuni hutaona kitu mpaka kishindo. Kutoka kwenye ncha utaiona fito ya juu ikianza kuchora upinde, kwanza kama nywele, halafu wazi, kilo moja au mbili kabla ya kuvunjika. Wanafunzi wakishaona mara moja hawaulizi tena kwa nini fito za juu. Wavae miwani, hata ya jua. Kibanzi cha kijiti kinaruka kwa kasi.

Ishara hiyo ilionekana pia kwenye daraja la chuma. Daraja la Quebec nchini Kanada lilipokuwa linajengwa mwaka 1907, fito zake kubwa zilizokuwa zinabanwa zilionekana zimeanza kupinda siku kadhaa kabla. Kazi haikusimamishwa kwa wakati. Tarehe 29 Agosti lilianguka mtoni na wafanyakazi 75 wakafa. Chuma hakikuwa kimekatika kwa kuvutwa. Kilipinda kwa kubanwa, kama kijiti cha A.

Kuhusu kulinganisha, jengeni matatu ya kila mchoro kama vijiti vinatosha. Andikeni wastani, na andikeni pia la chini kabisa. Mchoro unaotoa 207, 200 na 190 mimi nauamini kuliko unaotoa 300, 210 na 131, hata kama wastani wa pili umezidi, kwa sababu ule wa pili unanieleza kwamba gundi yao ni bahati nasibu. Wekeni pia mzigo wa chini wa kufuzu, tuseme kilo 10. Bila sharti hilo, uwiano unamfaa anayejenga kitu chepesi kupita kiasi ambacho hakibebi chochote cha maana.

Sasa kivuko. Hapana, Mwalimu, na naomba uwaambie kamati mapema kabla mbao hazijanunuliwa.

Mara 828 ni ya gramu 29 kwenye sentimeta 20. Haisafiri na mchoro. Tukuze daraja la D mara 10 kwa kila upande: pengo linakuwa meta 2, vijiti vinakuwa mbao za meta moja, upana sentimeta 10 na unene 2. Nguvu ya kila mbao inaongezeka mara 100, kwa kuwa inafuata eneo, na hata ile ya kupinda, ukipiga hesabu ya Euler, inatoka mara 100. Uzito unaongezeka mara 1,000, kwa kuwa unafuata ujazo. Uwiano unashuka kutoka 828 hadi 83, bila mtu yeyote kukosea. Na hiyo ni kama mbao kubwa ingekuwa safi kama kijiti, nayo si safi: ina vifundo, ina nyufa, na viungo vyake ni vya misumari au bolti badala ya gundi iliyoshika uso mzima. Halafu kuna mvua, mchwa, na watoto 30 wanaokimbilia kengele kwa pamoja, wakiruka. Ndoo yenu ya mchanga ilitulia, na ilikaa pale kwenye kiungo mlikoiweka. Watoto watakanyaga popote.

Vijiti vimewaonyesha ni sehemu zipi za kivuko zinabanwa na zipi zinavutwa, na hilo litawasaidia kumwelewa fundi. Ukubwa wa mbao, bolti, na jinsi kingo za mfereji zitakavyobeba miguu ya kivuko ni kazi ya mtu aliyefika hapo akaona udongo na alama ya maji ya masika. Nendeni kwa mhandisi wa halmashauri yenu, au ofisi ya wilaya ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mkiwa na vipimo vitatu: upana wa mfereji juu, kina chake, na kimo ambacho maji yalifika mvua zilipokuwa kubwa zaidi. Kwa mfereji wa meta 2, sitashangaa akiwaambia muache kenchi kabisa, mlaze magogo mawili au slabu ya zege yenye nondo na kuweka vishikio vya mikono pembeni.